Nilisema Wafunge, Sikusema Wafute

Sikuuza majina ya wateja. Naliweka hilo mbele kwa sababu ndilo linalosemwa mtaani kwetu Soweto, hapa Mbeya, ndilo linalosemwa sokoni, na Marta, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ameniambia limefika hadi kwa wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni: eti mjane wa Taherali, alipofunga duka, aliuza orodha ya wagonjwa kama alivyouza rafu na kaunta. Rafu niliuza. Kaunta niliuza. Majina sikuuza. Nilichofanya ni kingine, na kwa kipimo changu ni kibaya zaidi, kwa hiyo nakiandika mwenyewe.

Mume wangu alikuwa na duka la mlango mmoja mjini Mbeya. Baba yake aliuza vitambaa hapohapo. Taherali aliacha vitambaa mwaka ambao mama yake alipooza, alipozunguka mji mzima akitafuta pampasi za watu wazima na kila muuzaji akamjibu kwa sauti ya kusikika barabarani. Akaanza kuleta mwenyewe: pampasi, mipira ya mkojo, mifuko ya waliofanyiwa upasuaji wa utumbo, sidiria za wanawake waliokatwa titi. Kaunta yake aliizungushia pazia.

"Anayekuja hapa haji kununua," aliniambia. "Anakuja kujificha. Sasa kazi yetu ni kumficha vizuri."

Baadaye akafungua tovuti, ili mtu wa Igawa au Iringa aagize bila kumwona mtu usoni. Tovuti hiyo aliiweka kwa kampuni ndogo ya Iringa, kwenye mitambo yao, kwa sababu ukiwapigia simu wanapokea na wanaongea Kiswahili. Kwenye fomu ya kuagiza aliongeza kisanduku ambacho sijakiona kwingine: "Juu ya mzigo tuandike nini?" Walimu walijibu: vitabu. Mkulima mmoja wa vitunguu alijibu: mbegu. Taherali alifungasha kwenye maboksi ya majani ya chai, akaandika alichoambiwa, akapeleka mwenyewe kwenye basi. Kwa hiyo ndani ya tovuti ile kulikuwa na jina la mtu, namba yake ya simu, kitu alichonunua, saizi yake, na uongo aliouchagua.

Mimi nilifundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na mmoja. Kila mwaka wiki ya kwanza wanafunzi walicheka, Mhindi anafundisha Kiswahili. Wiki ya pili, baada ya kusahihishiwa insha, hawakucheka. Nataja hili kwa sababu kosa langu lilikuwa la neno moja, na siwezi kusingizia kwamba lugha ilinishinda.

Taherali alifariki mwezi wa nne. Moyo. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Duka likafungwa. Tovuti ikabaki wazi, na watu wakaendelea kuagiza kwa marehemu. Mwezi wa tano nikaona maagizo matatu mapya kwenye kompyuta yake ya nyumbani, ambayo sanduku lake la barua pepe lilikuwa bado wazi. Nikakaa kwenye kiti chake nikaiandikia kampuni:

"Mimi Taherali nimeamua kuacha biashara. Naomba mfunge tovuti yangu."

Nilijiambia naandika hivyo kwa kuokoa muda. Si kweli. Sikutaka kuandika kwa mkono wangu sentensi inayosema mume wangu amekufa. Na sikutaka watu wa ofisi fulani waanze kunipigia simu za pole na kuniomba vyeti. Nilikuwa mtu wa kutunza heshima, na heshima wakati ule niliiona ni kutoulizwa.

Siku ya pili jibu likaja. Nalikumbuka neno kwa neno.

"Mzee Taherali, shikamoo. Tovuti tumeifunga leo, haionekani tena. Ila mafaili, taarifa za wateja na nakala rudufu bado tunazo. Kama unataka tuzifute kabisa, tuandikie FUTA, kisha utupigie kwa sauti yako tuhakikishe ni wewe."

Kwa sauti yako. Nikafunika kompyuta.

Ningeweza kuandika siku ileile kwamba nilisema uongo, hiki hapa cheti cha kifo. Ilikuwa barua ya mistari minne. Nilijiambia niko eda. Eda haimzuii mtu kuandika barua. Niliisingizia, na kusingizia ibada ni jambo ninalolijua uzito wake. Eda ikaisha mwezi wa nane, nikawa na karatasi ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na bado sikuandika. Sanduku lile la barua pepe sikulifungua tena.

Wakati huo bidhaa zilizobaki zilichukuliwa na mtu wa ukoo wa mume wangu aliyetaka kuendeleza biashara. Alinihesabia rafu, akaniuliza, "Na wateja, Chachi?" Ndivyo anavyoitwa kwetu mke wa baba mdogo.

"Wateja si mali ya dukani," nilimjibu. "Watakuja wenyewe au hawatakuja."

Maneno mazuri. Kisha nikampa daftari la namba za wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam, bila kulipekua. Ukurasa wa mwisho Taherali alikuwa ameandika jina la kuingilia na neno la siri la akaunti ya Iringa.

Katikati ya mwezi wa kumi, mchana, mwanamke aligonga geti. Nitamwita Rozalia, si jina lake. Ni mwalimu wa shule ya msingi mkoa wa Iringa, na alikuwa amepanda basi alfajiri kuja kwangu. Alikataa kukaa. Akanionyesha simu.

"NDUGU ROZALIA, PAMPASI ZA WATU WAZIMA SAIZI M ULIZOZOEA SASA ZIPO TENA! BEI POA. KARIBU."

"Pole sana, mwalimu," nilisema. "Lakini si sisi. Duka letu limefungwa. Na tovuti imefungwa tangu mwezi wa tano."

"Imefungwa?"

"Imefungwa."

"Basi mbona inaniita kwa jina?"

Akaendelea, taratibu, kama anayesoma imla. Aliumia wakati wa kujifungua mtoto wa pili. Miaka sita sasa. Mume wake anajua, basi. Hata mama yake mzazi hajui. Siku ile simu yake ilikuwa inachaji kwenye meza ya ofisi ya walimu, meseji ikaingia, mwalimu mwenzake akainua simu ampe, macho yakasoma, na mdomo ukafuata macho.

"Sasa naitwa Saizi M," alisema. "Wananiita kwa upendo, wanasema. 'Saizi M, kikao kinaanza.' 'Mwachieni Saizi M kiti cha mbao, cha sponji tutakijutia.' Juzi nimesikia mtoto wa darasa la tano."

"Mwalimu, kaa basi, nikupe hata maji."

"Mama, mimi sikuja kunywa maji. Mzee aliniandikia kwa mkono wake kwamba akifunga duka jina langu litafungwa nalo. Nimekuja kuuliza lipo wapi."

Nikasema nitafuatilia. Akaniangalia kama nilivyokuwa nikimwangalia mwanafunzi anayesema daftari amelisahau nyumbani. Aliniachia namba yake ya simu, nyingine mpya, akaondoka.

Usahihi unataka niseme nilichofanya baada ya geti kufungwa. Nilifungua ile kompyuta. Kwenye sanduku la marehemu kulikuwa na taarifa ya mwezi wa tisa kutoka Iringa: "Ombi lako la kufunguliwa tovuti kwa siku mbili limekamilika." Nikajua ni lile daftari. Kisha nikaandika barua, safari hii kwa jina langu.

YAH: KUFUTA KABISA TAARIFA ZA WATEJA NA NAKALA RUDUFU ZA TOVUTI ILIYOFUNGWA

Mimi ni Sakerbanu, mjane na msimamizi wa mirathi ya marehemu Taherali, mwenye akaunti kwenu. Naambatanisha cheti cha kifo, hati ya mahakama na nakala ya kitambulisho changu. Barua mliyoipokea mwezi wa tano kwa jina lake niliiandika mimi, yeye akiwa amekwisha fariki. Naomba radhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, duka ndilo lililokusanya taarifa hizi na ninyi mnazitunza kwa niaba yake; sababu ya kuzikusanya imekwisha. Naomba mfute:

1. Mafaili yote ya tovuti na kanzidata ya wateja na maagizo.
2. Masanduku yote ya barua pepe ya duka.
3. Kumbukumbu zote za walioingia kwenye akaunti.
4. Nakala rudufu zote, popote zilipo, ndani na nje ya ofisi yenu.

Naomba mnithibitishie kwa maandishi, kila kimoja na tarehe yake.

Barua ni nzuri. Bado naiona ni nzuri, isipokuwa namba tatu. Namba tatu niliiandika nikijua ninachofanya.

Sikuituma. Niliibeba hadi Iringa mwenyewe. Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya shule. Aliyenipokea anaitwa Lutengano, kijana wa makamo mwenye sweta la kufumwa, ndiye aliyekuwa akijibu barua za Taherali siku zote. Alisoma barua, akafika pale pa cheti cha kifo, akairudisha mezani.

"Shikamoo mama," alisema, ingawa alikwisha niamkia mlangoni. "Mzee amefariki mwezi wa nne?"

"Ndiyo."

"Mimi nimeongea naye mwezi wa tisa."

Akageuza kompyuta nione. Mtu alikuwa ameingia kwenye akaunti kwa jina na neno la siri la Taherali, akaandika: "Tafazali nifungulieni siku mbili nichukue orodha ya bizaa." Chini yake Lutengano alijibu: "Mzee wangu, umetupa mgongo! Afya vipi?" Na yule akajibu: "Namshukuru Mungu kijana."

Nilisoma mara mbili. Marehemu wangu akimshukuru Mungu kwa afya, miezi mitano kaburini.

"Kwa kufuta mnataka sauti yake," nilisema, maana nilitafuta pa kupeleka hasira. "Kwa kufungua hamtaki?"

"Kufuta hakuna kurudi nyuma, mama. Kufungua tuliona jambo dogo. Hapo tulikosea, na sasa tumebadilisha, yote tunapiga simu." Akaigeuza kompyuta upande wake. "Lakini kama tungejua amefariki, akaunti tungeizuia siku hiyohiyo. Asingeingia mtu. Barua ya mwezi wa tano ilituambia yuko hai."

Alilisema kwa upole. Angenipiga kofi ningeona nafuu.

"Niliwaambia mfunge," nilisema.

"Ndiyo, tukafunga. Mama, duka likifungwa mali si inabaki ndani? Tovuti nayo hivyohivyo. Watu hawaioni, lakini imo. Na mashine yetu kila siku inanakili kilichomo. Mitambo ikiharibika, tunarudisha."

Kila siku. Siku zote mia moja na thelathini za eda, mimi nikiwa nimevaa nguo nyeupe na kujiona nimetulia, mashine ilikuwa inanakili upya jina la Rozalia, saizi yake, na neno "vitabu".

Lutengano akapitia barua kipengele kwa kipengele. Namba moja na mbili, leoleo. Nakala za kila siku, anaweza kuifuta folda yetu moja kwa moja. Lakini nakala za kila mwezi zinafungwa kwa pamoja, wateja wao wote ndani ya furushi moja lenye kufuli, nazo zinatunzwa jengo jingine. Hawezi kuchomoa duka moja tu.

"Zinaisha zenyewe baada ya siku tisini, nyingine inaandikwa juu yake. Siwezi kukudanganya kwamba zinafutika leo. Ninachoweza ni kuweka alama kwamba akaunti hii isirudishwe kamwe, na kukuandikia tarehe ya kila moja kuisha."

"Andika."

"Sasa namba tatu." Akaweka kidole juu yake. "Kumbukumbu za kuingia hazina jina la mteja hata mmoja. Zina tarehe, saa, na anwani ya mtandao ya aliyeingia. Polisi au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi wakiuliza, ndiyo njia ya kumjua. Barua yako inasema tufute nazo. Nifute?"

Anwani ya mtandao sikuihitaji. Mtoto yule niliyempa daftari nilimfundisha kusoma kwenye meza yangu ya jikoni, na tangu darasa la tatu hadi leo anaandika "tafazali" na "bizaa". Nilimsahihisha mpaka nikachoka. Namba tatu ingefuta kosa lake la maadili na la tahajia kwa pamoja, na mimi ningerudi Mbeya na karatasi inayosema vyote vimefutwa, mjane mwadilifu. Watu wangesema niliuza majina; ningelivumilia. Uvumi hauna muhuri. Ila jina la ukoo kwenye faili la Tume, lile lina muhuri.

Nikaomba kalamu. Nikakata namba tatu kwa mstari mmoja, nikasaini pembeni.

"Hizo zitunze," nilisema. "Na unichapie."

Kabla ya kufuta ilibidi kuwaarifu wenyewe. Walikuwa mia moja arobaini na tatu. Siku mbili nilikaa kwenye kiti cha wageni cha Lutengano nikapiga simu moja moja, nikihakikisha kwanza anayepokea ndiye mwenyewe, bila kutaja bidhaa. "Jina lako limetoka kwetu kwa uzembe wangu." Wengine walikata. Mmoja wa Mbarali alinitukana kwa Kisangu, sikielewi, lakini niliuelewa mpangilio wake. Mzee wa mbegu alicheka, akasema, "Mama, mimi nina miaka themanini, waambie hata redioni." Huyo ndiye aliyeniliza. Tume nayo niliiandikia kwamba orodha imetoka, lini na kwa njia gani. Aliyeitoa sikumtaja. Niliandika kwamba kumbukumbu zimetunzwa.

Lutengano alipofika kwenye masanduku ya barua pepe, skrini ilionyesha barua alizotuma Taherali. Sikukusudia kusoma. Moja ilianza: "Usione aibu, mwalimu. Wewe niandikie tu, mengine niachie mimi." Sijui kama ilikuwa ya Rozalia, walimu walikuwa wengi. Miaka tisa ya maneno yake yalikuwa mle.

"Mama, hizi za mzee mwenyewe naweza kukuwekea kwenye flashi."

"Ameziandika kwa wateja," nilisema. "Ni zao. Futa."

Akafuta. Niliona namba inashuka hadi sifuri, basi, hakuna sauti wala moshi.

Yule aliyechukua orodha nilimfuata. Alifuta mbele yangu, kwenye simu na kwenye kompyuta, na kwenye kampuni aliyotumia kusambaza meseji. Siwezi kuapa kwamba amefuta yote. Hilo nalo nilimwambia Rozalia.

Nilimkuta mahali alipochagua mwenyewe, kantini ya hospitali moja, ambapo hakuna anayeuliza mtu amekuja kwa nini. Nikampa bahasha. Ndani kulikuwa na barua yangu yenye mstari uliokatwa, uthibitisho wa kampuni, kumbukumbu za kuingia, na ukurasa wa mkono wangu unaosema ni nani anayeandika "tafazali", na kwamba nitalisema popote nitakapoitwa.

"Jina lako lilikaa kwetu," nilimwambia. "Hili la kwetu sasa likae kwako."

Akasoma yote, polepole, ukurasa wa mwisho mara mbili. Kisha akaikunja bahasha akaitia kwenye mkoba chini ya madaftari ya wanafunzi.

"Na mimi nifanye nini nalo, mama? Nilifunge au nilifute?"

"Hilo ni lako."

"Shuleni hawatafuta," alisema. "Hata ukiwaandikia barua."

Hakunisamehe na sikumwomba. Tuliagana kwa mkono.

Furushi la mwisho la nakala za mwezi liliisha muda wake mwezi wa kwanza, na barua ya kampuni ninayo, ina tarehe na saini. Marta ananiuliza kila wiki, ni nani basi, mama, na yule mwalimu amempeleka Tume au hajampeleka? Wengine huuliza kwa kuzunguka, wakianzia kwenye hali ya hewa. Wote jibu ni moja, na linawahusu wanaosoma hapa pia. Langu nimeliandika lote. La Rozalia si langu, na la yule mwingine liko mikononi mwa Rozalia. Sisemi zaidi ya hapo.